Cherehani ya Kijerumani Iliyomshinda Osewe

Mafundi waliomfundisha Osewe kazi ya kutengeneza cherehani walishazikwa, na Kawangware hapakuwa na wa kuuliza. Cherehani ya Kijerumani ya mteja wake Nereah ilikataa kushona, na Osewe aliona haya kumrudishia mbovu. Akaenda saiba, duka la intaneti, kwa mhudumu Bridgit.

Ukurasa wa maelezo ya cherehani hiyo mtandaoni ulikuwa wa Kijerumani, umesongwa na matangazo. Bridgit akabonyeza kiendelezi, programu ndogo ya kivinjari, cha kutafsiri, kisha kingine cha kusoma. Kikabaki Kiswahili kitupu, herufi kubwa.

“Soma sasa, mzee.”

“Nasoma. Lakini mchoro uko wapi?”

“Hiki cha kusoma kimeutupa pamoja na matangazo. Nakizima.”

Mchoro ukarudi, maneno yake bado ya Kijerumani, kwani ni picha.

“Hayo, kile cha kutafsiri hakiwezi, mzee.”

“Mshale hauna kabila,” Osewe akacheka. Mshale kwenye mchoro ulionyesha uzi ukipita nyuma ya springi; yeye alikuwa akiupitisha mbele. Jioni, Osewe alipokwisha kuupitisha hivyo, Nereah akashona pindo zima bila uzi kukatika.