Kijumba Kisichopakwa Rangi

Kila alfajiri, baada ya sala, nimekuwa nikimwomba Mwenyezi Mungu anikinge na shari ya hasidi. Nimeomba hivyo tangu utotoni, na katika miaka yote hiyo nilimfikiria hasidi kuwa mtu wa nje, jirani au mke mwenza, mtu fulani mwenye jicho baya. Mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha ndipo nilipomjua vizuri. Alikuwa anaswali kwenye mkeka wangu.

Shule yetu iko kijijini, upande wa Kilwa, na darasa la tano mwaka ule lilikuwa na mikondo miwili. Mimi nilishika mkondo A. Mkondo B ulikuwa wa mwalimu kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Njinjo, binti wa Kimakonde, Mkristo, mwenye adabu zake. Kila asubuhi alinijia kwanza mimi, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo, mama," nami nikaitika marahaba. Sikuwa na la kumlaumu, na hilo lenyewe liliniudhi.

Watoto walimpenda. Niseme ukweli ulivyo: watoto waliokuwa wakinipokea mkoba wangu barabarani walihama mmoja mmoja wakaenda kupokea wa kwake. Wa mwisho kuhama alikuwa binti mmoja mwembamba wa mkondo B, ambaye jioni husoma Kurani barazani kwangu, na ambaye hata mama yake nilimfundisha mimi kusoma na kuandika. Siku nilipomwona amebeba mkoba wa yule mwalimu, nilimsalimia kwa tabasamu, kisha siku nzima sikuwa na hamu ya kula.

Ikafika mada ya kujikinga na malaria. Nilikuwa nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa chati ile ile ya kitambaa, na nilijiona ndiye mwenye mada. Mwalimu mkuu akatuita wote wawili. Akasema safari hii wanafunzi wasikariri tu. Kwanza wajifunze mambo ya hakika, kisha wapite nyumba kwa nyumba na dodoso, halafu kila mkondo uchore bango kutokana na yale waliyoyaona. Mabango yangepimwa kwa jedwali la vigezo vinne, kila kigezo alama moja hadi nne: usahihi wa maelezo, ushahidi wa dodoso, wito wa kutenda, na kusomeka kwa mbali. Mimi ningepima bango la B, na yeye apime la A. Bango lenye alama nyingi lingebandikwa kwenye ukuta wa zahanati, pale akina mama wanapokaa kusubiri kliniki, kwa kuwa muuguzi alikuwa ameliomba.

Nilikuwa nastaafu mwisho wa mwaka. Nikaona ukuta ule kuwa ndio haki yangu, kitu kitakachobaki kikisema kwamba nilikuwepo. Nikautaka kwa moyo usiokuwa safi.

Mambo ya hakika niliyafundisha vizuri, alhamdulillahi. Kwamba malaria huletwa na vimelea, na mbu jike wa anofelesi ndiye huvibeba kutoka mtu hadi mtu, akiuma zaidi usiku. Kwamba haisababishwi na kula maembe wala kunyeshewa mvua, ingawa mvua huacha madimbwi ambamo mbu hutaga. Kwamba mwenye homa apelekwe kupimwa mapema, siku hiyo hiyo au ya pili yake, na akipewa dawa aimalize hata kama amepata nafuu. Watoto wangu waliimba yote hayo bila kukosea.

Kisha nikasikia kelele za mshangao kutoka darasa la jirani, la mkondo B. Nikachungulia dirishani. Yule binti wa Kimakonde alikuwa amekuja na chupa ya maji ya dimbwi, aliyoyachota kwenye shimo wanakochimba udongo wa kukandikia nyumba, na ndani yake viluwiluwi vya mbu. Alikuwa akiwaonesha kwamba vile vilivyolala sambamba na uso wa maji ndivyo vya anofelesi, na vile vinavyoning'inia kichwa chini ni vya mbu wengine. Watoto walimzunguka kama vifaranga. Shimo lile liko nyuma ya nyumba yangu. Nimelipita maisha yangu yote, na haikunijia hata mara moja kuchota.

Dodoso langu niliandika mwenyewe. Swali la kwanza lilikuwa: Je, nyumba yenu ina chandarua? Watoto wangu wakarudi na alama za vema tupu, maana vyandarua hugawiwa shuleni na karibu kila nyumba yenye mwanafunzi inacho. Nikafurahi. Bango letu likaonesha kijiji kizima kikiwa kimetundikwa vyandarua.

Siku iliyofuata, alasiri, yule binti mwembamba akabisha hodi kwangu na daftari lake. Mtaa wetu ulikuwa wa kundi lake. Dodoso lao lilikuwa la namna nyingine. Aliuliza tuko wangapi ndani, nikamjibu wawili, mimi na mjukuu wangu wa darasa la pili. Akauliza nani kati yetu alilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia leo.

"Wote wawili," nikasema.

"Naweza kukiona, Bibi? Mwalimu ametuambia tuombe kuona."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa. Kitu kipya kikiingia nyumbani huwekewa mgeni. Shuka mpya ni ya mgeni, kikombe kisicho na ufa ni cha mgeni. Chandarua alichopewa mjukuu wangu shuleni kilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake ambao haujafunguliwa, kikimsubiri mwanangu aje Idi kutoka Dar es Salaam. Cha zamani kilikuwa kimechanika na tulikishusha tangu joto lilipoanza. Tulikuwa tunalala hivi hivi, tukijipepea.

Nikamwambia chumba hakijafagiliwa, na isitoshe nilikuwa nataka kutawadha. Akanitazama, akaandika kitu kifupi, akasema, "Haya, Bibi, ahsante," akaenda zake. Nikatawadha, nikaswali, na uongo wangu ukiwa bado mbichi mdomoni.

Mabango yalipoletwa, la kwao nililiona kuwa zuri kabla sijalisoma, na moyo ukaniuma pale pale. Walikuwa wamechora vijumba, kimoja kwa kila nyumba waliyoitembelea. Karibu vyote vilikuwa na chandarua ndani, lakini katika vingi kilikuwa juu ya kabati, kwenye mfuko. Nyumba ambazo watu walilala ndani ya chandarua usiku uliopita ndizo tu zilizopakwa rangi ya kijani, na hazikufika nusu. Chini waliandika kwa herufi kubwa: CHANDARUA CHA MGENI HAKIMKINGI MWENYEJI. TUNDIKA LEO. Na kimoja kati ya vile vijumba kilikuwa na mlango uliofungwa, bila rangi, na maneno madogo pembeni: hatukuoneshwa.

Nilikijua kijumba kile. Kilikuwa na mpapai mbele, kama kwangu.

Nikachukua jedwali. Kwenye usahihi wa maelezo, mahali palipoandikwa kwamba alama nne ni kwa bango lisilo na kosa hata moja, na alama moja ni kwa lenye makosa mengi, nikaandika moja. Ushahidi, mbili. Nilijiambia kwamba bango linaloaibisha watu haliwezi kuwa sahihi. Niliandika bila kusita, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Yeye bango langu alilipa nne kwenye usahihi, nne kwenye kusomeka. Kwenye ushahidi alinipa mbili, akaandika kando kwa mwandiko mzuri kwamba dodoso liliuliza nani anacho, halikuuliza nani anakitumia. Nilipoyasoma maneno yale niliwaka. Mwalimu mkuu akajumlisha na A ikashinda. Jioni ile bango letu likapelekwa zahanati, likabandikwa.

Asubuhi akanijia kama kawaida yake. "Shikamoo, mama. Hongera."

"Marahaba. Ahsante."

"Nina ombi moja. Umetupa moja kwenye usahihi. Nimelisoma bango mara tatu, sijaona kosa. Nioneshe liko wapi, niwasahihishe watoto kabla halijawakaa kichwani."

Hakuwa ananikejeli. Nilimtazama sana nikitafuta kejeli, kwa sababu ningeipata ningepona. Alikuwa ameshika kalamu, tayari kuandika kosa nitakalomtajia. Nikamwambia nitamtafutia baadaye, nina kipindi.

Sikuwa na kipindi. Nilikwenda nyumbani saa ya mapumziko, nikapanda kigodani, nikashusha mfuko juu ya kabati. Ulikuwa na vumbi la kutosha kuandika jina. Nikaufungua, nikakitandaza chandarua kwenye kamba kivulini, nyuma ya nyumba, maana kipya hupigwa upepo siku nzima kabla ya kulaliwa, na kikianikwa juani dawa yake hupungua nguvu. Hayo pia nilikuwa nikiyafundisha.

Nikarudi shuleni, nikaingia kwa mwalimu mkuu, nikamwomba jedwali. Nikafuta moja, nikaandika nne. Nikafuta mbili, nikaandika nne. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nilipima kwa kijicho. Akalitazama jedwali, kisha akasema, "Mwalimu, bango lenu limeshabandikwa."

"Nitalibandua mwenyewe," nikasema.

Nililibandua mbele ya akina mama wa kliniki, na muuguzi akanishikia bango la B nilipokuwa nalibandika. Yule mwalimu kijana alisimama nyuma yangu. Nilimwambia hapakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa kwa mpimaji. Akajibu polepole, "Yamekwisha, mama," akaniokotea pini iliyoanguka.

Alasiri nikamwita yule binti mwembamba aje na daftari. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamwonesha chandarua kwenye kamba. Nikamwambia sasa ameoneshwa, aandike.

Akafungua ukurasa. "Mlilala ndani yake usiku wa kuamkia leo, Bibi?"

"Hapana. Tutalala kesho, kikishapigwa upepo."

"Dodoso linauliza jana," akasema, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. Akaandika hapana.

Kwa hiyo kijumba chenye mpapai kilibaki bila rangi, ila yale maneno madogo alikwenda zahanati akayafuta, na mlango akauchora wazi. Idi ilipofika mwanangu alilala kwenye chandarua cha zamani nilichokishona matundu, akalalamika kwamba mgeni anapewa mabaki. Nikamwambia akasome ukuta wa zahanati.

Nimeshastaafu, na ninamshukuru Mungu kwa afya na kwa muda wa kutubu. Nikienda kupima presha hukaa kwenye benchi chini ya bango lile. Akina mama hulisoma, hucheka, huulizana nyumba ile ya mpapai ni ya nani. Wakimsifu yule mwalimu, bado kitu kinanichoma kifuani, kidogo, mahali pale pale. Huwa nakiacha kichome, na kinapotulia ndipo nami ninawajibu kwamba ndiyo, anafundisha vizuri, na nyumba ile ni yangu.