Sufuria ya Stima ya Ayeeyo

Sikuwa mgonjwa siku ile, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa na haraka tu, na haraka ya fundi ni mbaya kuliko ulevi wake, maana mlevi angalau watu humwogopa.

Kibanda changu kilikuwa pembeni mwa soko la Garissa. Mimi ni mtu wa Mwingi, nilikuja huku kutengeneza redio nikaishia kutengeneza kila kitu chenye waya. Asubuhi ile akaja mama mmoja wa makamo ya kuelekea uzee. Soko zima lilimwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Mgongoni alikuwa na mjukuu wa miaka kama miwili, mkononi ile sufuria ya stima ya kupikia wali.

"Fundi, hii nimechoka nayo," akasema. "Nabonyeza, taa nyekundu inawaka kidogo, halafu tak! inarudi ya njano. Joto tu. Mchele inalala ndani ya maji ya moto, haiivi."

"Itaiva leo, Ayeeyo. Kaa hapo."

Nikaigeuza, nikatoa skrubu za chini. Kwa sufuria kama ile mambo ni matatu. Kuna fyuzi ya joto, kidude kidogo ndani ya ala nyeupe ya kitambaa, ambacho joto likizidi mno kinakatika mara moja na hakifufuki tena. Kuna swichi. Na kuna thamostati, ile sumaku yenye springi katikati ya sahani ya moto. Ukibonyeza kijiti, sumaku inakishika chini na moto mkubwa unapita. Maji yakikauka, joto linapanda, sumaku inaachia, kijiti kinaruka juu, na sufuria inabaki kupasha tu.

Nikaweka mita kwenye ncha mbili za fyuzi. Ikalia pii. Nzima, nikasema, tena nilijua hata kabla ya kupima, maana kama ingekuwa imekatika hata ile taa ya njano isingewaka. Nikabonyeza swichi, nikapima, pii. Nikaikwangua kidogo na msasa kwa heshima tu. Basi mgonjwa ni thamostati. Sumaku ilikuwa imechoka, inashika kijiti kama mtu asiyetaka kukusalimia, na springi inamnyang'anya.

Dawa yake ni thamostati mpya. Sikuwa nayo. Ningeagiza Nairobi, ingekuja baada ya siku mbili tatu. Lakini mtoto analia, Ayeeyo anatazama jua, wateja wawili wamesimama nyuma yake wakiguna. Kiherehere kikanipanda. Nikachukua koleo nikakunja mkono wa kile kijiti ili springi isikivute sana. Nikabonyeza. Kikatulia chini. Nikatia kikombe cha maji, yakachemka, Ayeeyo akapiga vigelegele vidogo, nikazima. Sikungoja maji yakauke nione kama kijiti kitaruka chenyewe. Hilo ndilo jaribio lenyewe, na sikulifanya.

"Allah akubariki," akaniambia, akaenda zake.

Karibu adhuhuri nikafungua sufuria nyingine, mfu wa siku nyingi, nione kama thamostati yake itamfaa Ayeeyo. Fyuzi yake nikaitazama bila kuwaza. Ncha zake zilikuwa zimebanwa kwa vipete vya chuma, safi, kazi ya kiwandani. Ile ya Ayeeyo ncha zake zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kufungwa utepe. Nilikuwa nimeziona! Nikaziona, nikapita. Mtu aliwahi kuifungua kabla yangu, akatoa fyuzi iliyokufa, akaweka waya mtupu ndani ya ala. Na waya mtupu ukiupima, nao unalia pii. Mita haijui fyuzi. Inajua njia ipo.

Mungu wangu. Kijiti nimekikunja kisiruke, na kinga hamna. Ile sufuria ingeendelea kupika hadi iunguze nyumba.

Nikaacha kibanda wazi. Nikamkuta dereva wa tuktuk anakunywa chai, nikamvuta kwa kola anipeleke nyumbani kwa Ayeeyo. Njiani nilimwona yule mtoto tu, shingo yake nyembamba kwenye shuka. Nilijua Ayeeyo huweka mchele kisha anajilaza na mjukuu, mwenyewe aliniambia kwamba ndiyo sababu ya kuipenda, haihitaji kulindwa kama jiko.

Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, mlango wa bati umefungwa kwa komeo la ndani. Dirishani, nyuma ya pazia, ulikuwa unatoka moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki. Nikaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Fungua! Fungua mlango! Fungua haraka!"

Nikapiga teke. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. "Fungua wewe! Toka nje!"

Na nikasikia ndani kitu kikiburutwa, kikisukumwa dhidi ya mlango. Alikuwa macho. Alikuwa hai, ananisikia, na badala ya kufungua anajifungia zaidi.

Jirani mwanamke akatoka mbio, akanishika mkono. "Wacha! Wacha kupiga! Wewe unataka kumuua?"

"Ndani kunaungua!"

"Basi nyamaza!" Akashusha sauti. "Huyu wakati wa vita ya shifta, ile ya serikali na waasi wa Kisomali, alikuwa msichana mdogo. Wanaume wenye bunduki walikuja, wanapiga mlango hivyo hivyo, wanaita kwa Kiswahili, fungua, toka nje. Baba yake akatoka. Hakurudi. Ukipiga mpaka kesho hafungui."

Ngumi zangu zikabaki hewani.

Nikaona kisanduku cha mita kwenye ukuta wa nje. Nikashusha swichi kubwa, stima ikakatika nyumba nzima. Angalau moto haukupata chakula zaidi. Jirani akaenda dirishani, akasukuma pazia kwa kijiti, akaanza kuzungumza Kisomali polepole, kama mtu anayebembeleza mbuzi atoke kwenye miiba. Nikainama nyuma yake nikachungulia. Mezani sufuria ilikuwa inafuka, ubavu wake wa plastiki umelainika na kubonyea. Chini ya kitanda nikaona nyayo mbili za mtu mzima. Kisha uso wake, na macho. Alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, na kiganja chake kimeufunika mdomo wa mtoto, kwa nguvu, ili asikohoe.

Sijui ilichukua muda gani. Hatimaye akatambaa, akasogeza sanduku la nguo alilokuwa ameliegemeza mlangoni, akavuta komeo. Jirani akamnyakua mtoto, akatoka naye uani. Mtoto akakohoa, akatapika, akalia kwa sauti kubwa. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Mimi nikapiga magoti pale mlangoni. "Ayeeyo, kosa ni langu. Si la sufuria. Nilikunja kijiti, sikukagua fyuzi. Ni mimi."

Hakuitazama sufuria. Alinitazama mimi, mikono yangu, viatu vyangu, kisha uso, taratibu, mpaka akanitambua.

"Kumbe fundi," akasema. "Mimi nilisema wamerudi."

"Nisamehe, mama."

"Kwa nini hukusema hodi?" akaniuliza. "Ungesema hodi ningefungua. Wale hawakusema hodi."