Benchi Thelathini za Khamala

Benchi aliyoikalia kwa miezi saba Khamala aliitengeneza mwenyewe. Alijua mguu wa kushoto wa benchi hiyo ulitoka kwenye ubao wenye fundo, na kila alipohamia upande ule ulilia kidogo. Idara moja ya serikali ilikuwa imeagiza benchi thelathini za kukalisha watu wanaosubiri. Wa kwanza kusubiri alikuwa fundi.

Kila asubuhi alitoka Makina, Kibera, kwa miguu hadi karakana yake Kawangware, akapiga randa mpaka saa tatu, kisha akaenda mjini. Mfukoni alibeba barua iliyoandikwa na mkewe, Nekoye, mwenye mwandiko wa shule ya masista:

"Kuhusu ankara yangu namba 12, iliyothibitishwa na mtunza stoo wenu. Benchi thelathini zilipokelewa na kukaguliwa tarehe 14 Novemba 1994. Rejea barua ya kibali ya bodi yenu ya zabuni, na hati yenu ya kuagiza bidhaa, LPO namba 418823. Naomba kulipwa."

Mutie, karani wa hesabu wa idara, aliisoma barua hiyo mara nyingi, na hakuwahi kuikosoa.

"Njoo Jumatano," alisema.

Jumatano ilipofika, vocha ya malipo ilikuwa inatafutwa. Jumatano nyingine faili lilikuwa kwa bosi, na bosi alikuwa kwenye semina. Mwezi Juni vocha ilionekana, chini ya kalenda.

"Sasa mzee, iko kitu kimoja inakosa," Mutie alisema. "LPO original. Hapa kuna fotokopi tu. Mkaguzi hapitishi fotokopi."

Original ilikuwa Kawangware, kwenye sanduku la Mburu, mwenye ploti ya karakana na duka la mbao. Mburu ndiye aliyemkopesha mbao za benchi zote thelathini, na rehani aliyotaka ilikuwa karatasi ile yenye muhuri wa serikali.

"Na nisipoileta?"

"Tarehe thelathini mwaka wa serikali unaisha. Pesa ya kifungu cha bajeti inarudi Hazina. Wewe unaenda kwa madeni ya zamani." Mutie akaangalia dirishani. "Huko kuna watu wa tangu themanini na tisa."

Mburu alikuwa amekwisha kusema lake: Julai ikianza bila pesa, angechukua mashine ya kukatia mbao na karakana angempa mtu wa kuchomelea mageti. Bila mashine ile Khamala angekuwa mtu mwenye nyundo tu.

Jioni alimkuta Mburu dukani.

"Baba Becky, nipe ile LPO niwapelekee."

"Nipe pesa nikupe karatasi."

"Pesa haitoki bila karatasi."

"Na karatasi haitoki bila pesa. Fundi, mimi nilizaliwa jana?"

Nje mtu alikuwa akipima mahindi kwa mkebe wa gorogoro. Hatimaye Mburu akatoa sanduku chini ya meza, akaitia LPO ndani ya koti la suti iliyotundikwa ukutani, ile ya kuvaa mazishini tu.

"Kesho naenda na wewe. Itabaki kwa mkono yangu."

Kesho yake, Jumanne tarehe ishirini na saba, walifika ofisini. Mutie alinyoosha mkono, Mburu akarudisha wake nyuma.

"Nipe risiti kwanza."

"Mzee, serikali haiandiki risiti ya karatasi yake."

"Basi nitakaa hapa mpaka nione imeenda wapi."

Akakaa kwenye benchi. Ikalia.

"Hii mbao ni yangu," akamwambia mwanamke aliyekuwa karibu naye, "na bado haijalipwa." Akamweleza bei ya kila futi. Kisha akamweleza mzee aliyefuata. Kabla ya chai kila aliyekuwa kwenye korido alijua mguu ule ulikuwa na fundo, na wawili walikuwa wameinama kuutazama.

Mutie alipoona hivyo aliichukua vocha, akapokea LPO kwa Mburu, akaiambatisha mbele ya macho yake, akaandika kwenye kitabu cha kifungu. Mburu akaifuata kwa mkaguzi. Alasiri akawa amesimama mlangoni kwa bosi, suti ya mazishi imefungwa vifungo vyote. Bosi alitia sahihi bila kuuliza nani amefariki.

Ijumaa, tarehe thelathini, dirisha la keshia lilitoa hundi. Mburu aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa na mistari miwili ya kukataza kulipwa taslimu, na jina lilikuwa la karakana ya Khamala.

"Hii siwezi kuitoa pesa leo?"

"Lazima ipitie akaunti yangu. Benki inasema siku nne, tano."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mburu alikuwa mlangoni mwa karakana. Khamala alikuwa anawasha mashine.

"Imeingia?"

Khamala alihesabu siku kwa vidole. Hakuwa na nia mbaya.

"Baba Becky," alisema, "njoo Jumatano."

Akamvutia kitu cha kukalia.