Jibu kwa Mhakiki Asiye na Jina

Kusoma kwangu ni kwa ngumbaru tu, nikishika kalamu kama mwiko huku wanangu wawili wakinicheka. Lakini haohao waliocheka niliwafikisha chuo kikuu, wa kiume na wa kike, kwa viazi vya kukaanga nilivyouza karibu na hospitali ya Msambweni. Najisifu, na atakayeudhika na audhike.

Kijana ndiye aliyetangulia. Alisomea mikoko. Akaingia matopeni kule Vanga na kamba yake ya kupimia, akarudi ananuka kama kaa, akaandika tasnifu ya shahada ya pili. Haukupita muda malaria ikampanda kichwani, tukamzika. Dada yake akaifuata kazi ileile, akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti Mombasa. Mtoto wa binti yangu huyu nikamlea mimi, naye mama mtu akawa anakuja Ijumaa.

Vitu vya marehemu nilivifungia ndani ya sanduku la bati, na ufunguo nikautia kwenye kamba shingoni. Tasnifu yake ilikuwa humo. Sikutaka mtu aiguse, hata binti yangu. Naye hakuwahi kuiomba.

Basi, baada ya ile mvua ya El Nino kutukatia barabara, binti yangu alikuja Ijumaa moja na uso umemwiva. Alikuwa ameandika makala kuhusu mikoko iliyokatwa boriti, akasema ikiachwa hurudi yenyewe. Aliipeleka kwa jarida moja la ng'ambo, na mhariri akampa mtu mwingine mwenye ujuzi aikague. Mtu huyo, mhakiki, alijibu kwamba makala si mbaya ila mwandishi ameacha maandishi muhimu, na hasa yaliyoandikwa kuhusu pwani hiihii. Akayataja. Mhariri akamwambia binti yangu arekebishe, na pamoja na makala mpya alete barua ya kujibu kila hoja.

"Ni nani huyo?" nikauliza.

"Hatuambiwi, Mama. Ndiyo taratibu."

"Hana jina? Anakusuta kwa kujificha nyuma ya pazia?"

"Hanisuti. Ananisaidia."

"Lo! Msaada gani wa kukuvimbisha macho hivyo?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

Majuma yaliyofuata alikuwa akija na mkoba umejaa karatasi zilizotolewa kopi. Nyingine alizipata maktaba ya kituo, nyingine aliandikia watu Dar es Salaam wakamtumia kwa posta. Nilimwambia si aandike majina tu, amalize. Akashtuka kama nimemtukana. Alisema kazi usiyoisoma huitaji. Na ukishaitaja, lazima uoneshe ndani ya makala umeitumia wapi, kwani mhakiki atafungua ukurasa huo atazame. Moja ya zile alizotajiwa aliiona haihusiki, ilikuwa ya mito ya maji baridi, akasema ataeleza kwa adabu kwa nini ameiacha. Hilo nililipenda. Nilidhani barua za namna hiyo ni za kuinama tu.

Jioni moja akamaliza kuiandika kwa mkono, kabla ya kwenda kuipiga chapa ofisini. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili. Mjukuu wangu alikuwa amelala mapajani mwangu. Akasoma: anamshukuru mhakiki kwa kusoma kwa makini, hoja ya kwanza ni kweli, maandishi yalipungua, ameongeza haya na haya, ukurasa fulani, aya fulani, na yote yameingizwa katika orodha ya marejeo mwishoni. Akawa anasoma vizuri, kama mtu anayehesabu vyombo vya harusi. Kisha sauti ikashuka.

"Tasnifu isiyochapishwa kuhusu hori la Vanga, mwandishi amejitahidi kuitafuta. Haikupatikana."

Hori ni ule mkono wa bahari uingiao kwenye mikoko. Hori la Vanga.

"Tasnifu ya nani?"

Akaanza kuikunja barua.

"Mwanangu, nimekuuliza. Ya nani?"

"Ya kaka."

"Mhakiki ndiye aliyeitaja?"

"Ndiye. Kwa jina lake."

Mtu huko asikojulikana, anakaa na kitabu cha mwanangu, anakisoma, anamwambia mwenzake: kamtazame huyu. Miaka yote ile mimi nikidhani aliyebaki na maneno yake ni mimi na bati langu.

"Nawe umemwandikia haikupatikana!"

"Mama, nakala ya chuoni imepotea, na yako ningekuomba vipi? Ulisema atakayegusa sanduku lile asikanyage tena hapa."

"Nilisema hivyo kwa majirani!"

"Ulinitazama mimi."

"Sasa unamwambia mzungu huyo mwanangu hakupatikana! Kapotea? Tulimzika, kaburi lake liko pale, na kitabu chake kiko mvunguni mwa kitanda changu!"

"Pengine si mzungu."

"Hata awe Mdigo mwenzangu! Futa!"

Mtoto akaamka akalia. Tukalia wote, kwa kweli, na yeye ndiye aliyenyamaza mwanzo. Nikavua kamba shingoni.

Binti yangu alisoma siku zote mbili za mapumziko, ameegemea ukuta. Nilipita nikijifanya nafagia. Mwandiko wa kakake ulikuwa pembeni mwa kurasa, kwa penseli, na alipokutana nao alikuwa akifunika ukurasa kwa kiganja kwanza. Jumapili akaniita.

"Mama, kaka anapingana na mimi."

"Hajaanza leo."

Hapo tulicheka. Akanieleza. Upande alikopima yeye mikoko ilirudi. Upande wa kakake, palipokatwa mkoko palirudi kijani, ndiyo, lakini kilichoota kilikuwa mkandaa, mti mwingine wa matope hayohayo. Kwa mpita njia msitu umerudi. Kwa mjenzi anayetaka boriti ya mkoko, haukurudi.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitamtaja. Na lile neno langu la kwamba hurudi yenyewe nalipunguza. Nitasema hurudi baadhi ya mahali tu, na si kila mara miti ileile. Pengine wataikataa sasa."

"Wakikataa?"

"Watakuwa wamekataa iliyo kweli."

Akafuta ile sentensi. Mahali pake akaandika kwamba tasnifu imepatikana na kusomwa yote, imetajwa katika utangulizi na katika mjadala, na kwamba matokeo yake yamemlazimu kubadili hitimisho. Nikamwomba aongeze salamu: mama wa marehemu anakushukuru kwa kumkumbuka. Akasema barua hupitia kwa mhariri, na si mahali pake. Akisema ni kaka yake, itaonekana anatafuta huruma. Nilikasirika, nikala peke yangu.

Hata hivyo nilingoja. Sikumwambia mtu, lakini niliamini aliyemtaja mwanangu alimjua. Pengine alikaa naye chuoni, pengine aliwahi kukanyaga tope naye. Akiona jina la ukoo ni moja ataelewa, na atasema neno. Jambo dogo tu. Kwamba alikuwa mcheshi. Kwamba alikuwa akiimba vibaya.

Jibu la mhariri lilipokuja binti yangu alilileta mbio kutoka stendi, kijasho kinamtoka. Makala imekubaliwa. Nikampigia kigelegele, majirani wakatoka.

"Na yule mhakiki?" nikamuuliza tulipoingia ndani. "Kasemaje?"

Akafunua karatasi ya pili. Akaisoma pole pole, maana alijua ninachokitaka.

"Mwandishi amejibu hoja zangu zote. Sina la kuongeza."

"Endelea."

"Ndiyo hayo tu, Mama."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.