Treni Moja, Vituo Viwili vya Mwisho

Kila ukoo una kamati, na ya kwetu inakaa kwenye simu. Mwenyekiti wake ni kaka wa marehemu shemeji yangu, mstaafu aliyezoea kuongoza vikao na ambaye hajapata kikao kingine tangu aachie ofisi. Anaamka, anasoma jumbe za kundi la familia, anaanza kuzisahihisha. Mimi nafanya kazi ya kutafsiri nyaraka kwenye kijiduka cha fotokopi hapa Tabora mjini. Kijerumani nilikipata kwa wahandisi wa maji niliofanya nao kazi miaka mingi, nikakisomea baadaye. Kwa kamati, hiyo ni sifa ndogo.

Safari yenyewe ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Binti yake ameolewa Ujerumani, mimba ya pili ilimsumbua, madaktari wakampangia upasuaji Ijumaa asubuhi. Ndege ya dada ingetua Alhamisi mchana. Mkwe alikuwa amebanwa kati ya hospitali na mtoto wa kwanza, hawezi kufika uwanja wa ndege ulio mbali na kwao. Kwa hiyo dada, ambaye Kijerumani chake ni sifuri, angepanda treni peke yake, na alikuwa na jambo moja tu kichwani: amshike mwanawe mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Aliniambia hivyo huku akikunja kanga.

Mkwe akatuma picha za ratiba. Ya kwanza ilikuwa karatasi nyeupe, na kamati ikaanza kushangilia kwamba treni ni nyingi. Nikawaambia nyeupe ni ya treni zinazofika. Zinazoondoka zimeandikwa kwenye karatasi ya manjano, na juu yake pana neno Abfahrt. Mwenyekiti akaandika, "Rangi si hoja." Nikamwomba mkwe apige ya manjano.

Ikaja picha ya basi la kutoka stesheni hadi hospitali. Pembeni ya saa ya kuondoka palikuwa na herufi S. Mjumbe mmoja akaamua ni Jumapili, mwingine akaapa ni Jumamosi. Nikasema kila kampuni ya mabasi ina alama zake, na maana yake imeandikwa chini kabisa, mahali ambapo mkwe alikuwa amepaacha nje ya picha. Alipotuma kipande cha chini tukaona: S ni siku za shule tu. Shule zilikuwa zimefungwa, basi hilo lisingekuwepo. Mkwe akakubali kuja stesheni ya mjini kwao na mtoto begani. Hakuna aliyesema asante, ila palitumwa vidole gumba vingi.

Ndipo ukazuka mjadala wa saa. Ratiba ilisema 15:22, nami nikaandika hivyo hivyo, na pembeni: saa tisa na dakika ishirini na mbili alasiri. Kijana wa kamati aliyeko Dar akataka tuongeze saa nzima kwa sababu Ujerumani iko nyuma yetu. Nikamjibu kwamba saa iliyoandikwa ukutani inafuata saa ya ukuta huo, haimsubiri mtu wa Kariakoo. Mwenyekiti akasema tupige kura. Nilizima simu nikaenda kunywa chai.

Kilichobaki ndicho kilichonikosesha usingizi. Chini ya treni ile palikuwa na maandishi madogo: inakatwa njiani. Nusu ya mbele inakwenda mji wa mkwe, ya nyuma inakwenda mji mwingine kabisa. Kwenye safu ya jukwaa, baada ya namba saba, zilifuata herufi A–C, yaani abiria wa nusu ya mbele asimame sehemu hizo. Mtu wa Tabora haelezwi jambo hili mara mbili. Hapa ndipo treni ya kutoka Dar inapokatwa, mabehewa ya Kigoma yakashika njia yao na ya Mwanza yao. Kila ukoo una mtu aliyekuwa anakwenda Urambo, akalala behewa lisilo lake, akaamkia Isaka.

Basi nikaandika yote. Jina la mji nikaliacha kwa Kijerumani, herufi kwa herufi, kwa maana dada atalilinganisha na lililoandikwa kwenye behewa, si na Kiswahili changu kizuri. Nikampelekea Mwenyekiti karatasi, kwa kuwa bila baraka zake kundi lingenuna mwezi mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona ndefu hivi? Shemeji ni mtu mzima, unamchanganya."

"Hayo madogo ndiyo ya muhimu, mzee. Treni inakatwa."

"Ujerumani wakate treni? Wale si sisi."

Kesho yake akatokea na kadi iliyolaminishwa kwa plastiki, herufi kubwa, kona zimekatwa mviringo vizuri. Ilisema: JUKWAA NAMBA 7. SAA 9:22 ALASIRI. PANDA. SHUKA KITUO CHA MWISHO. Basi. Treni ina vituo viwili vya mwisho, na mzee huyu amevifanya kimoja kwa mkasi! Nilimtazama, nikaona anangoja pongezi. Nilichukia mpaka masikio yakawaka moto. Usiku wa kuagana nikaidumbukiza karatasi yangu kwenye mkoba wa dada, ndani ya msahafu wake mdogo, mahali ambapo hakuna mwenyekiti atakayepekua.

"Mdogo wangu, nifuate ipi?" aliniuliza.

"Ya plastiki kawaoneshe watu. Hii soma."

Alhamisi ile kundi lote lilinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea hata msibani. Mimi nilikaa dukani nikitoa fotokopi zilizopinda.

Dada alinisimulia baadaye. Alifika jukwaa la saba, akasimama sehemu ya A kama nilivyoandika. Kipaza sauti kikasema jambo refu, wenyeji wakaguna na kuanza kuburuta masanduku kuelekea upande wa pili. Treni ikaingia na mabehewa yamegeuka, ya mbele yako nyuma. Herufi zangu sahihi zikawa hazina maana. Hakupanda. Alitoa karatasi, akasoma jina juu ya mlango wa behewa, akalinganisha na langu. Halikuwa lenyewe. Akakimbia na sanduku lake la magurudumu mabovu hadi nusu ya pili, akasoma tena, likawa lenyewe.

"Na bado nikamuuliza mama mmoja kwa kidole," alisema. "Mimi mtu wa Tabora, sikai ndani ya behewa bila kuuliza."

Jioni hiyo alikuwa kando ya kitanda cha mwanawe. Alilala kwenye kiti, mkono wake ndani ya mkono wa binti, na asubuhi waliwatenganisha mlangoni pa chumba cha upasuaji. Mtoto ni wa kike, mzima, na mama yake salama. Niliposikia nilikaa chini sakafuni pale dukani, wateja wakanipita.

Picha ilipotumwa kwenye kundi, dada na kichanga, Mwenyekiti ndiye aliyetangulia kuandika: "Alhamdulillah. Kadi ya kamati imefanya kazi." Vidole gumba vikamiminika. Niliikuza ile picha. Kadi ilikuwepo kweli, mezani karibu na kitanda, na juu yake wamesimamisha chupa ya maziwa ili isilowanishe meza.

Muda mfupi baadaye dada akaniandikia peke yangu. "Mwezi ujao narudi. Ratiba ya kurudi andika wewe. Usimwoneshe mtu."