Siku Niliyochomeka Diski Mpya, ya Zamani Ikapotea

Mimi ni mtu wa kuogopa, sikatai. Naogopa radi, naogopa mbwa, na asubuhi ile mtaani Kamenge, kwenye chumba changu cha kuhariri video, niliogopa kuliko siku zote.

Kompyuta yangu imezeeka. Ubao wake mkuu, carte-mère, ulitengenezwa kabla watu hawajaanza kuweka tundu la diski hizi za NVMe, nyembamba kama kipande cha chingamu. Na diski yangu kubwa ya zamani, iliyotunza video za wateja, ilikuwa imeanza kukwama na kukoroma. Kwa hiyo nilinunua NVMe pamoja na kadi ya kuibeba. Unailaza juu ya kadi, unafunga skurubu moja ndogo, unachomeka kadi kwenye mlango mrefu wa PCIe, kama kadi ya picha inayolisha skrini. Nilijua ubao wa zamani namna ile hauwezi kuwashia Windows kutoka humo. Haidhuru. Windows ilikuwa na kadiski kake kadogo, kamejaa hadi kooni. Mimi nilitaka tu mahali pa kuhamishia video haraka kabla lile zee halijakata roho.

Video iliyoninyima raha ilikuwa moja, ya dote, sherehe ya kupeleka mahari. Kwetu huku, siku ya dote baba wa binti haongei. Anakaa kwa heshima zake, na msemaji anamsemea. Maneno mchana kutwa, na yeye kimya, isipokuwa mara moja tu aliponigeukia mimi na kamera yangu. Muda si mrefu akafariki. Binti yake alikuwa anakuja kuichukua kwa ajili ya siku ya kumaliza matanga, na aliniambia wazi kwamba picha anazo. Anachotaka ni sauti. Kadi za kamera zilikuwa za kukodi, zilisharudi kwa mwenyewe na kufutwa. Sauti ya yule mzee ilibaki kwenye diski ile ya zamani tu, basi.

Nikazima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikachomeka kadi kwenye mlango mrefu wa chini, maana wa juu una kadi ya picha. Nikawasha. NVMe ikaonekana. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikaitafuta diski ya zamani. Haipo.

Nikazima, nikawasha tena. Haipo. Nikaingia kwenye BIOS, ambako kompyuta inahesabu viungo vyake kabla ya Windows. Haipo. Jamani! Nimeua sauti ya baba wa watu.

Hapo hapo yule binti akaingia. Nilimkaribisha, nikampa kiti. Akaitazama kompyuta iliyofunuliwa tumbo.

“Dada, baba iko mule ndani?”

“Iko,” nikasema. Mimi mwenyewe sikujiamini.

Nikainama kana kwamba natafuta skurubu, nikatega sikio kwenye diski ya zamani. Ilikuwa inazunguka vizuri. Basi haijafa, haionekani tu, na kilichobadilika ni kadi. Nikazima, nikaichomoa, nikawasha. Diski ikarudi.

Ndipo nikakumbuka. Waya wa diski ile nilikuwa nimeuchomeka kwenye mojawapo ya matundu mawili ya pembeni, yenye rangi tofauti, yanayohudumiwa na chipu ya nyongeza. Chipu hiyo inagawana njia na mlango mrefu wa chini. Kadi ikikaa pale inachukua njia yote, na matundu yale yanazimika. Nikazima, nikaung'oa waya wa kisomeo cha DVD kwenye tundu la kawaida, nikaipa diski ya zamani tundu lile, nikarudisha kadi. Nikawasha nimefumba macho. Zote mbili zikaonekana.

Hofu haikwisha. Diski mpya lazima iandaliwe kwanza, na ukikosea ukaandaa ile nyingine, umefuta kila kitu. Nilimwomba binti anisomee ukubwa wa kila moja kwa sauti, maana macho yangu sikuyaamini tena. Nikabonyeza. Video zikaanza kuhama, na lile zee ndilo lililochelewesha mwendo. Zilipokwisha, nikaifungua ya dote kutoka diski mpya, nikaenda moja kwa moja pale aliponigeukia. Mzee akageuka kwenye kiti chake.

“Na we mutoto wa kamera, tangu asubui umesimama. Umekula?”

Binti akalia, kwikwi za kukata pumzi. Aliponyamaza aliniuliza nilimjibu nini. Nikamwambia nilitikisa kichwa tu, kwamba bado, kwa sababu sikutaka sauti yangu iingie kwenye video.

Akajifuta uso, akachukua mkoba wake.

“Twende tukule,” akasema. “Baba aliuliza.”

Nilimfuata.