Neno la Nne la Mwitaji

Mpiga pasi wa chumba cha kufulia cha hospitali aliomba ruhusa ya saa mbili, akavua aproni, akaenda ofisi ya wachapishaji. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu azike mdogo wake, mwandishi wa riwaya. Hakuwa amelia. Wenzake kazini walimsifu kwa moyo mgumu, naye aliwaacha waseme. Moyo wenyewe hakuusikia, uwe mgumu au laini.

Mhariri alimkaribisha kiti, akamsogezea kurasa za mwisho za mswada.

"Mama, pole sana na msiba. Nimekuita kwa sababu ya hesabu. Hapa timu ya yule binti ina pointi ishirini na moja, wapinzani kumi na tisa. Filimbi inalia. Halafu ukurasa unaofuata binti anarudi nyumbani ameshindwa! Nadhani marehemu alipitiwa. Nataka nirekebishe, ashinde."

"Hakupitiwa," alisema mpiga pasi.

"Basi nieleze huu mchezo wa tenga. Humu ndani umeelezwa nusunusu tu."

Mchezo ule mdogo wake aliubuni sebuleni kwa dada yake huyuhuyu. Alimfunga kapu la nguo mgongoni, akamrushia soksi zilizoviringishwa mpaka jirani akagonga ukuta. Mpiga pasi alikumbuka yote hayo kama mtu anayesoma orodha ya mashuka. Alivuta kisahani cha chai, akakiweka katikati ya meza.

"Hili ni duara. Kila timu ina lake, na wachezaji saba. Mmoja ni mchukuzi. Yeye hubeba tenga mgongoni, hatoki ndani ya duara, na hagusi mpira kwa mkono." Akaweka kifutio juu ya kisahani. "Warushaji watatu wako nje, nyuma ya mstari. Mchukuzi lazima awape mgongo, kwa hiyo haoni mpira unakotokea."

"Anaudakaje sasa?"

"Ndiyo kazi ya mwitaji. Anasimama juu ya kigoda, mbele ya mchukuzi, anamwongoza. Anaruhusiwa maneno matatu tu: kushoto, kulia, nyuma."

"Hao wanne na mchukuzi ni watano. Wawili wengine?"

"Wazuiaji. Hao huingia kwenye duara la wapinzani kupangua mipira kwa viganja. Wakimgusa mchukuzi au tenga lake, wanatolewa."

Mhariri alikuwa akiandika mbiombio. "Na pointi?"

"Kila timu ina mipira kumi na miwili. Tisa myeupe, pointi moja moja. Mitatu myekundu ni mizito, pointi tatu tatu. Mchezo una vipande vinne. Kipande kikiisha, inahesabiwa mipira iliyomo ndani ya tenga tu. Uliodondoka haupo. Halafu tenga linamwagwa, mnaanza upya."

"Sawa. Binti ndiye mchukuzi. Vipande vitatu ana kumi na mbili. Cha nne ana myekundu miwili na myeupe mitatu, yaani tisa. Ishirini na moja. Si ameshinda?"

"Soma mwitaji amesema nini."

Mhariri alisogeza miwani, akasoma kwa sauti: "'Mzuiaji alianguka nyuma ya visigino vya binti. Kaka yake, juu ya kigoda, akapiga kelele: Simama!'"

"Hilo ni neno la nne," alisema mpiga pasi. "Mwitaji akitamka neno lisiloruhusiwa, wapinzani huchomoa mpira mmoja kwenye tenga kabla ya kuhesabu. Wanachagua wenyewe. Nani atachagua mweupe?"

Mhariri alihesabu kwa vidole. "Kumi na nane. Kumi na tisa kwa kumi na nane... Lo! Kwa pointi moja! Sasa huyu kaka si angenyamaza tu?"

"Binti alikuwa anarudi kinyumenyume, mbio, na mzigo mgongoni. Angeangukia kisogo."

Mhariri aliweka kalamu chini, akamtazama usoni kana kwamba anasubiri kitu. Mpiga pasi alijua kinachosubiriwa. Alijitafuta kidogo ndani kwa ndani, hakukuta kitu, akanywa chai iliyokwisha kupoa.

"Tutaacha mwisho kama ulivyo," alisema mhariri. "Sheria tutaziweka mwanzoni mwa kitabu."

Alichapa ukurasa wa sheria palepale, akampa aukague. Mpiga pasi aliusoma mstari kwa mstari. Palipoandikwa "mwitaji husimama juu ya kiti" alikata "kiti", akaandika "kigoda". Alipoulizwa kama atapenda jina lake litajwe kwa shukrani, alisema wafanye wanavyoona inafaa.

Saa nane alikuwa kazini tena. Msimamizi alimuuliza kulikuwa na nini huko. "Walikuwa hawajui sheria," alijibu, akavuta shuka lililofuata, akalinyoosha kona.